Miezi 12, Isizidi Isipungue: Kuhakiki Malipo ya Kabla na Gharama Zinazodaiwa Tunapofunga Mwaka

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya watunza hazina na makarani wa hesabu wa vyama vya akiba na mikopo. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Yale niliyoyaandika ubaoni nimeyaeleza kwa maneno humuhumu.

Mwenyekiti wa kikao, ndugu watunza hazina, ndugu makarani wa hesabu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie marekebisho ya mwisho wa mwaka. Marekebisho ni mengi, na asubuhi ni fupi, kwa hiyo nimechagua mawili yaliyo ndugu. Moja ni malipo ya kabla, yaani fedha uliyokwisha kuitoa lakini huduma yake bado hujaimaliza kuitumia. La pili ni gharama zinazodaiwa, yaani huduma uliyokwisha kuitumia lakini fedha yake hujaitoa. Moja linatangulia, jingine linachelewa. Yote mawili yanatuuliza swali moja tu: gharama hii ni ya kipindi gani?

Nianze kwa kuwauliza. Chama kimelipa pango la mwaka mzima tarehe 1 Oktoba. Mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Katika malipo hayo, miezi mingapi ni ya mwaka huu? Naona vidole vitatu, vitatu, kule nyuma pia vitatu. Vizuri. Sasa niambieni: kuanzia Januari hadi Septemba ya mwaka huohuo, ofisi ilikuwa wapi? Ilikuwa palepale, katika jengo lilelile. Na miezi hiyo tisa nani aliilipia, na lini?

Mnaona mlivyonyamaza. Ukimya huo ndio uliosababisha nikubali kuja leo, kwa sababu mtu akishikilia malipo ya mwaka huu peke yake ataiona miezi mitatu, na ile tisa itampotea. Miezi tisa ililipwa mwaka uliopita. Imo katika salio la mwanzo la malipo ya kabla, imelala pale inasubiri kuingizwa kwenye gharama.

Niwasimulie chama kimoja. Jina lake nalihifadhi, na tarakimu nimezifanya ziwe nyepesi, lakini mambo yalikuwa hivyohivyo. Chama hiki kilikuwa na mkataba wa pango wa kuanzia 1 Oktoba 2021 hadi 30 Septemba 2022, kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, na kililipa mwaka mzima kwa mkupuo, milioni 6. Mkataba ulipokwisha, mwenye nyumba akapandisha. Mkataba mpya ukawa wa 1 Oktoba 2022 hadi 30 Septemba 2023 kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, milioni 7 na laki 2, nazo zikalipwa mara moja.

Tunafunga mwaka 2022. Tuhesabu pamoja polepole. Januari hadi Septemba ni miezi tisa, kila mwezi laki 5: milioni 4 na laki 5. Oktoba hadi Desemba ni miezi mitatu, kila mwezi laki 6: milioni 1 na laki 8. Jumla ni milioni 6 na laki 3. Hiyo ndiyo gharama ya pango ya mwaka 2022. Nimeipata kwenye mikataba miwili na kalenda. Leja sijaifungua bado.

Sasa tuifungue. Salio la mwanzo la malipo ya kabla, ile miezi tisa iliyotoka 2021, ni milioni 4 na laki 5. Ongeza malipo ya mwaka, milioni 7 na laki 2. Ondoa kinachobaki kwa ajili ya 2023, miezi tisa kwa laki 6, milioni 5 na laki 4. Unabaki na milioni 6 na laki 3. Njia mbili zimetoka sehemu mbili tofauti, zikakutana mahali pamoja. Hapo ndipo mtu anapata haki ya kutia tiki.

Karani wa chama hicho hakufanya hivyo. Alilichukua jedwali la mwaka uliotangulia, akabadilisha tarehe, akasahau kubadilisha bei ya mwezi. Akaweka salio la mwisho la miezi tisa kwa laki 5: milioni 4 na laki 5. Gharama ya pango ikatoka milioni 7 na laki 2.

Itazameni tarakimu hiyo vizuri. Milioni 7 na laki 2! Ni sawasawa na kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba mpya, na sawasawa na kilichoandikwa kwenye hati ya malipo. Mwenyekiti wa chama akauliza, "Pango letu kwa mwaka ni kiasi gani?" Akaonyeshwa mkataba, akaonyeshwa taarifa ya mapato na matumizi, vyote vinasema milioni 7 na laki 2. Nani angetilia shaka? Mkaguzi alilijumlisha jedwali, likajumlika. Akalilinganisha na leja, likalingana. Akatia tiki. Mkaguzi huyo alikuwa mimi, na laki 9 za ziada zilipita mikononi mwangu.

Zilionekana mwaka uliofuata. Tulipofunga 2023, gharama ya pango ikaja pungufu kwa laki 9 zilezile, kwa sababu miezi tisa ya 2023 ilikuwa imebebwa kwa bei ya zamani. Kosa la malipo ya kabla hujirudishia lenyewe mwaka unaofuata, na kwa sababu hiyo wengi hulidharau. Husema, "Si litajirekebisha?" Ndiyo, shilingi zitarudi. Lakini ziada ya 2022 ilikwisha kupigiwa hesabu ya gawio. Mwanachama aliyejitoa chamani katikati ya 2023 alipokea gawio la 2022 lililopunguzwa kwa kosa, na hakuwepo kupokea lile la 2023 lililoongezwa kwa kosa. Kwake yeye, kosa halikujirekebisha.

Basi hilo ndilo nililojifunza, na ndilo ninalotaka mtoke nalo: usihakiki jedwali kwa kulijumlisha upya. Jedwali lililokosewa nalo hujumlika. Lifunike, chukua mkataba, chukua kalenda, ijenge gharama ya mwaka upya kama vile jedwali halipo. Kisha funua ulinganishe.

Sasa, mkataba una mitego yake, na nitaitaja miwili tu niliyoikuta mara nyingi.

Wa kwanza ni kodi ya zuio. Chama kinapolipa pango la ofisi kinakata asilimia 10 na kuipeleka TRA, na mwenye nyumba anapokea kinachobaki. Kwa hiyo hati ya malipo ya mwenye nyumba inasomeka shilingi 6,480,000, na ile laki 7 na 20 elfu ina hati yake nyingine, pengine ya mwezi unaofuata. Karani anakwenda kutafuta malipo ya kabla, anaona 6,480,000, anagawa kwa miezi 12, anazidisha kwa tisa, anapata 4,860,000. Na ile kodi yote anaiacha kwenye gharama ya mwaka. Ndugu zangu, kodi ile ni sehemu ya pango. Ni fedha ya mwenye nyumba, ninyi mmeipeleka kwa niaba yake. Pango la mwaka ni milioni 7 na laki 2, na ndizo zinazogawanywa kwa miezi. Ukigawa kile kilichomfikia mkononi peke yake, umeingiza miezi tisa ya kodi, laki 5 na 40 elfu, katika mwaka usio wake.

Wa pili ni amana. Wenye nyumba wengine hudai mwezi mmoja wa amana, inayorudishwa mnapohama kama hamkuharibu kitu. Inalipwa siku moja na pango, katika hati moja, kwa hiyo inayeyushwa pamoja nalo mwezi hadi mwezi. Mkataba ukiisha, chama hakina tena kumbukumbu kwamba mwenye nyumba anashikilia fedha yao. Amana haiishi kwa kupita kwa miezi. Inakaa kwenye mizania kama mali hadi irudishwe, na ikijulikana kwamba haitarudi ndipo inapoingia kwenye gharama. Ukiona hati ya malipo ya pango haigawanyiki vizuri kwa bei ya mwezi iliyo kwenye mkataba, simama hapo uulize.

Bima nayo ina tabia yake, haianzi tarehe moja. Chama hichohicho kilikatia gari bima ya kuanzia 20 Aprili 2022 hadi 19 Aprili 2023, kwa shilingi 1,460,000. Hapa hesabu siku. Mwaka ni siku 365, kwa hiyo kila siku ni shilingi 4,000. Kuanzia 20 Aprili hadi 31 Desemba, zote mbili zikihesabiwa, ni siku 256. Zinabaki siku 109 za mwaka 2023, ambazo ni shilingi 436,000. Karani aliihesabu Aprili kama mwezi mzima, akapata miezi mitatu iliyobaki, shilingi 365,000. Tofauti ni 71,000. Je, tuvunje hesabu kwa ajili ya hiyo? Kwa chama cha ukubwa ule nilimwachia, baada ya kuiandika kwenye orodha ya tofauti ndogo ili nione zikijumlishwa zote zinafika wapi. Tofauti ndogo zikiwa zote zinaelekea upande mmoja, si ndogo tena.

Lakini tahadhari: tarehe za bima zisome kwenye hati ya bima yenyewe. Risiti inasema fedha ilipokelewa lini. Hati ya bima inasema gari limelindwa kuanzia lini hadi lini. Mara ngapi tumeona risiti ya tarehe 6 kwa bima iliyoanza tarehe 20?

Sasa nigeuke upande wa pili, gharama zinazodaiwa. Huku hatari ni mbili: kuhesabu kitu mara mbili, na kutokukihesabu kabisa.

Nianze na kuhesabu mara mbili. Chama changu hicho kilikuwa na kampuni ya ulinzi, shilingi 750,000 kwa mwezi, ankara inakuja mwezi unapokwisha na inalipwa mwezi unaofuata. Desemba 2021 ulinzi ulifanyika, fedha haikulipwa. Karani kwa usahihi kabisa akaingiza debiti kwenye gharama ya ulinzi, krediti kwenye gharama zinazodaiwa, 750,000. Mwaka ukafungwa vizuri.

Januari 2022 ankara ikalipwa. Karani mwingine, mgeni, akaandika kama anavyoandika kila mwezi: debiti gharama ya ulinzi, krediti benki. Nani angemlaumu? Hati ilisema "ulinzi", naye akaipeleka kwenye ulinzi. Lakini Desemba 2021 sasa imeingia kwenye gharama mara mbili, mara moja katika mwaka 2021 na mara nyingine katika mwaka 2022. Desemba 2022 ilipofika, wakaingiza tena 750,000 inayodaiwa. Jumlisheni: malipo 12 ya benki ni milioni 9, na ya Desemba iliyodaiwa 750,000. Gharama ya ulinzi ya 2022 ni 9,750,000.

Kwa 750,000 kwa mwezi, hiyo ni miezi mingapi? Kumi na mitatu! Walinzi walilinda miezi 12, daftari linasema 13.

Nikamwita mtunza hazina, mama mmoja mtu mzima, makini sana, aliyekuwa anaandika kila kitu kwenye daftari lake la jalada gumu. Nikamwambia, "Mama, naomba tuhesabu ankara." Tukaziweka mezani, moja juu ya nyingine, Januari hadi Desemba, kila moja anaigusa kwa kidole na kutaja mwezi wake. Alipofika mwisho akasema, "Ni 12." Nikamwonyesha leja. Akaitazama muda mrefu, kisha akafungua ukurasa wa gharama zinazodaiwa bila mimi kumwambia. Pale palikuwa na milioni 1 na nusu. Ankara moja tu ndiyo iliyokuwa haijalipwa, lakini wadai walionekana wawili: wa Desemba 2022, na yule wa Desemba 2021 aliyekwisha kulipwa na hakuna aliyemfuta.

Hiyo ndiyo dalili, na naomba muishike. Kosa hili huacha nyayo sehemu mbili. Kwenye gharama, tofauti inakuwa sawasawa na mwezi mmoja. Kwenye gharama zinazodaiwa, kunakuwa na kiasi cha zamani kisichosogea. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka, salio la gharama zinazodaiwa lisomeni kipande kwa kipande. Kila kipande kiwe na jina la anayedai, kipindi cha huduma, na kililipwa lini baada ya mwaka kwisha. Kipande kisicholipwa hadi Machi, muulizeni anayedai kwa maandishi. Akijibu kwamba hawadai, mmempata mdai aliyekufa.

Na ikiwa tofauti ni mara mbili ya rekebisho lenyewe? Hapo mtu amegeuza upande: palipostahili krediti ameweka debiti. Malipo ya kabla ya mwisho wa mwaka yanapunguza gharama, gharama zinazodaiwa za mwisho wa mwaka zinaiongeza. Za mwanzo wa mwaka zinafanya kinyume chake. Anayegeuza anakosa mara mbili, kwani ameacha kuondoa na juu yake ameongeza.

Turudi kwenye ile ya kuhesabu mara mbili. Tiba yake ni rahisi, lakini chagueni moja. Ama tarehe 1 Januari mnaligeuza ingizo la Desemba, debiti gharama zinazodaiwa na krediti gharama, halafu ankara ikilipwa inakwenda kwenye gharama kama kawaida na vinakatana. Ama hamgeuzi, na malipo ya Januari yanapelekwa moja kwa moja kufuta deni. Msipofanya lolote, mnapata miezi 13. Mkifanya yote mawili, mnapata 11. Na andikeni kwenye jalada la kufungia mwaka njia mliyoichagua, kwa sababu karani wa Januari mara nyingi siye karani wa Desemba.

Sasa hatari ya pili, ile ya kutokuhesabu kabisa. Hii ni ngumu zaidi, ndugu zangu, kwa sababu huwezi kuhakiki kitu ambacho hakimo kwenye orodha kwa kuitazama orodha. Utalitazama jedwali la gharama zinazodaiwa hadi jioni, ankara iliyosahaulika haitajitokeza humo. Inabidi utoke nje ya jedwali.

Utoke uende wapi? Uende Januari. Chukua hati zote za malipo za Januari, Februari, na Machi kama zipo, na ankara zilizo kwenye faili la zisizolipwa. Kila moja iulize swali moja: huduma hii ilitolewa lini? Usisome tarehe ya ankara. Soma maelezo yake.

Chama chetu kilikuwa na ankara ya maji ya tarehe 2 Januari 2023, shilingi 180,000. Karani aliiacha: "Ni ya Januari." Lakini ndani yake imeandikwa mita ilisomwa 20 Novemba na ikasomwa tena 20 Desemba. Maji yote yale yalitumika 2022. Ankara iliyofuata, ya 186,000, ilikuwa ya 21 Desemba hadi 20 Januari, siku 31, kila siku 6,000. Siku 11 za mwisho wa Desemba ni 66,000. Kwa hiyo maji yanayodaiwa ni 246,000. Kama ile ankara ya pili haijafika mnapofunga, tumieni wastani wa miezi iliyopita. Makadirio yaliyoandikwa jinsi yalivyopatikana yanakubalika. Umeme wa LUKU hauna shida hii, kwa kuwa umelipiwa kabla ya kuuwasha. Wenye mashine kubwa tu ndio wasome uniti zilizobaki kwenye mita usiku wa 31 Desemba.

Maji ni kidogo. Kikubwa kilikuwa paa. Fundi alibadilisha bati za ofisi katikati ya Desemba, kazi ikaisha, ikakaguliwa, mvua ikaja, haikuvuja. Fundi akaenda kwao sikukuu. Ankara akaileta tarehe 9 Februari, shilingi 2,350,000, na hesabu za mwaka zilikwisha kuandaliwa. Mtu wa manunuzi akaniambia, "Mzee, hii si ni ya mwaka mpya, tazama tarehe." Nikaomba daftari la getini. Mnalijua daftari la getini, lile ambalo mlinzi anaandika kila anayeingia, limekunjamana pembe, kalamu imefungwa kwa uzi. Tarehe 14 Desemba, saa 2 na dakika 10 asubuhi: "Fundi bati na vijana 3, bati 40, ngazi." Tarehe 17 Desemba: "Fundi ametoka na ngazi na vipande." Mlinzi yule hakusomea uhasibu, lakini alikuwa ameandika kipindi cha gharama vizuri kuliko mtu yeyote ofisini. Milioni 2 na laki 3 na nusu zikaingia 2022, mahali pake.

Kwa hiyo msiishie kwenye hati za malipo. Tazameni daftari la getini, tazameni oda za kazi zilizotolewa na hazina ankara, waulizeni watu wa stoo na dereva. Na yako madeni ambayo hayatumiwi ankara na mtu yeyote. Riba ya mkopo ambao chama kimechukua benki ni mojawapo: kama mlilipa riba hadi 31 Oktoba, Novemba na Desemba zinadaiwa, ingawa benki haitawakumbusha. Isomeni ratiba ya mkopo.

Nimeulizwa kwenye karatasi hapa kuhusu ada ya ukaguzi. Ni swali zuri na watu wa fani yetu hawafanyi sawa wote. Desturi ya vyama vingi ni kuingiza ada yote ya ukaguzi wa 2022 kama deni la 31 Desemba 2022. Mimi naona haiendani na kanuni tuliyoizungumza asubuhi hii. Mkaguzi anayeanza kazi Februari hajatoa huduma yoyote kufikia 31 Desemba, na huduma isiyotolewa haina deni. Kama alikuja Novemba kwa kazi ya awali, sehemu hiyo inadaiwa, iliyobaki ni ya mwaka unaofuata, hata kama kinachokaguliwa ni mwaka uliopita. Mkibadilisha desturi, badilisheni kwa uwazi na muieleze kwenye maelezo ya hesabu, maana mwaka wa mabadiliko utaonekana na ada ndogo kuliko kawaida.

La mwisho ni la wale ambao, wakirudi ofisini leo, watakuta mdai wa zamani kama yule wa walinzi. Kabla hujaandika ingizo, jua kosa lilikula mwaka gani. Kwa chama changu gharama ya 2021 ilikuwa sahihi, iliyozidi ni ya 2022. Kama hesabu za 2022 bado ziko wazi, punguza gharama ya ulinzi 750,000 na ufute deni, yamekwisha. Kama zilikwisha kupitishwa na mkutano mkuu, na kiasi ni kikubwa cha kubadilisha uamuzi wa msomaji, usikiteremshe kwenye gharama ya mwaka huu, kwa sababu mwaka huu utaonekana walinzi walilinda miezi 11. Rekebisha tarakimu za mwaka ule na salio la mwanzo la ziada, na ueleze. Kama ni kidogo, kipitishe mwaka huu, lakini kwa mstari wake, kisijifiche ndani ya ulinzi.

Niliwaomba waandaaji mje na mikataba yenu ya pango na ankara za Januari, na naona wengi mmezibeba. Baada ya chai meza zile nne za upande wa dirishani ni zetu. Kila mmoja afunike jedwali lake, achukue mkataba na kalenda, aanze na pango. Mimi nitakuwa napita, na mwenye hati ya malipo isiyogawanyika kwa bei ya mwezi aniite kwanza.

Asanteni sana.